Virutubisho na Ushuhuda: Nani Alilinganishwa na Nani?

Virutubisho vya chupa na pakiti huuzwa kwa ushuhuda kuliko kwa tangazo. Mama anayeheshimika katika kikundi cha kuweka na kukopa husimama na kueleza kwamba magoti yalimsumbua kwa miaka miwili, akameza vidonge fulani mwezi mzima, na sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Wanaomsikiliza wanamfahamu na wanajua si mwongo. Mara nyingi kweli hasemi uongo: magoti yaliuma, vidonge alimeza, maumivu yamepungua. Kwa hiyo anayealikwa kutoa semina ya afya katika kikundi kama hicho hana haja ya kuanza kwa kumshuku mtoa ushuhuda. Kinachohitaji kuchunguzwa ni uzi unaounganisha mambo hayo matatu, yaani dai kwamba maumivu yalipungua kwa sababu ya vidonge. Ili dai hilo lisimame, lazima ijulikane magoti yaleyale yangekuwaje kama vidonge visingemezwa. Ushuhuda hauwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuishi mwezi uleule mara mbili.

Maradhi yanayolengwa zaidi na biashara hii, kama maumivu ya viungo na mgongo, vidonda vya tumbo, uchovu, presha na kisukari, yana kawaida ya kupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa hatafuti dawa mpya siku anapojisikia vizuri. Huitafuta hali inapokuwa mbaya kuliko kawaida yake, na kutoka hapo hali huelekea kurudi kwenye kawaida hata asipotumia kitu. Chochote atakachokimeza siku hiyo ya shida, kiwe kidonge cha bei kubwa au maji ya ndimu, kitapata sifa ya nafuu iliyokuwa njiani.

Vipimo navyo vinaweza kudanganya kwa njia hiyohiyo, na mfano wa sukari unafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua mbele ya kikundi. Tuseme mzee mmoja anapimwa sukari kwa kutobolewa kidole kwenye meza ya wakala wa virutubisho, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kunywa chai ya sukari na maandazi. Kipimo kinasoma 13.2. Anauziwa chupa mbili, na pamoja nazo anapewa masharti: aache sukari kwenye chai, apunguze ugali na wali, atembee kila jioni. Baada ya wiki tatu anaitwa tena, safari hii alfajiri kabla hajala kitu, na kipimo kinasoma 8.6. Wakala anaonyesha namba mbili na tofauti ya 4.6, na picha ya namba hizo inasambazwa kwenye simu.

Kati ya vipimo hivyo viwili yamebadilika mambo manne. Cha kwanza kilichukuliwa baada ya kula, na cha pili kabla ya kula. Tofauti hiyo peke yake inaweza kumshusha mgonjwa wa kisukari kwa kiasi kikubwa pasipo tiba yoyote mpya. Chakula kimepungua. Matembezi yameanza. Na vidonge vimemezwa. Haiwezekani kuchukua jambo la nne na kulipa ushindi wote. Tena kuna jambo la tano ambalo ushuhuda huwa haulitaji: mzee huyo huenda anaendelea na metformini aliyopewa kliniki, na pengine baada ya kuogopeshwa na ile 13.2 ameanza kuimeza bila kuruka siku.

Hata mashine yenyewe ina mipaka. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kupimia nyumbani kinaruhusu usomaji upishane na ule wa maabara kwa asilimia 15 kwenda juu au chini. Hivyo 8.6 ya kidoleni inaweza kuwa 7.5 au 10.1 kwenye maabara, na mashine bado ikahesabiwa kuwa nzima. Zaidi ya hapo, sukari ya 8.6 kabla ya kula bado ni kisukari, kwa kuwa mstari wa kutambua ugonjwa huo kwa mtu aliyefunga kula usiku kucha ni 7.0. Kinachoitwa kupona ni mgonjwa aleyule, aliyepimwa saa nyingine. Anayetaka kujua kama sukari imeshuka kweli hupimwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu na kisichotegemea kifungua kinywa cha siku hiyo.

Kasoro nyingine ya ushuhuda ni ya wale wasiosikika. Watu arobaini wakinunua bidhaa moja, watatu wakapata nafuu, hao watatu ndio watakaopewa kipaza sauti. Wengine thelathini na saba hawasimami kusema kwamba hawakuona kitu. Wengine huona aibu ya fedha waliyopoteza, wengine huambiwa hawakutumia dozi kamili, na waliozidiwa au kufariki hawawezi kurudi kusimulia. Afrika Mashariki iliyaona haya kwa ukubwa wa kutisha mwaka 2011, pale maelfu kwa maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500, bei ambayo haikuwa ya kumtajirisha mtu, na wengi walikwenda kwa imani safi kabisa. Habari za waliojisikia vizuri zilitangulia kwa simu na magazeti, na foleni ya magari ikazidi kurefuka. Wapo waliofia kwenye foleni hiyo, na wapo waliorudi nyumbani na kuzidiwa. Sauti zao hazikuwa na njia ya kufika mbali kama zile za kwanza.

Mambo haya yanaeleweka haraka, na ndiyo maana wauzaji wa siku hizi hawaishii kwenye ushuhuda. Huongeza kwamba bidhaa imethibitishwa na utafiti. Hapo wasikilizaji wengi hunyamaza, kwa kuwa utafiti unaonekana ni jambo la wenye shahada. Lakini swali la kuuliza ni lilelile la magoti: nani alilinganishwa na nani?

Utafiti mzuri wa dawa au kirutubisho hulijibu swali hilo kwa namna ya wazi. Watu hugawanywa makundi mawili kwa kura, si kwa kuchaguliwa wala kujichagulia. Kundi moja hupewa bidhaa yenyewe, jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na kitu ndani. Mpaka mwisho, wanaomeza hawajui wamepewa kipi, na wanaowapima nao hawajui. Kwa njia hiyo nafuu inayokuja yenyewe, matumaini, mabadiliko ya chakula na makosa ya mashine huyagusa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Kinachobaki kama tofauti kati ya makundi ndicho kinachoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya kidonge.

Kisa kinachoonyesha jinsi muundo huo unavyoweza kuharibiwa ni cha vidonge vya kahawa mbichi, yaani kahawa isiyokaangwa, vilivyouzwa sana Marekani na kwingineko kama dawa ya kupunguza unene. Mwanzoni mwa mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika India, ukisema kwamba watu wanene waliotumia unga uliokamuliwa kwenye kahawa hiyo walipungua wastani wa kilo 8 katika wiki 22. Mwaka huohuo daktari maarufu wa televisheni, Mehmet Oz, aliusifu mbele ya mamilioni ya watazamaji, na chupa zikaanza kugombewa madukani.

Msomaji asiye na shahada yoyote angeweza kuusoma utafiti huo na kushtuka katika mambo matatu. La kwanza ni idadi: washiriki walikuwa 16. Kwa idadi hiyo, watu wawili tu wakiugua tumbo au wakiamua kufunga kula, wastani wa wote unayumba.

La pili limejificha zaidi, nalo ndilo kubwa. Utafiti haukuwa na kundi moja la kahawa na jingine la kidonge kitupu. Kila mshiriki alipitia vyote kwa zamu: wiki 6 za dozi kubwa, wiki 6 za dozi ndogo, wiki 6 za kidonge kitupu, na katikati mapumziko mawili ya wiki 2 bila kumeza kitu. Jumla ni wiki 22. Mpango wa zamu hauna ubaya wowote ukihesabiwa sawasawa, yaani ukilinganisha kilo zilizopotea katika wiki za kahawa na zilizopotea katika wiki za kidonge kitupu. Lakini namba iliyobebwa na matangazo, zile kilo 8, ilikuwa ya safari nzima kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ndani yake zilikuwamo wiki 10 ambazo washiriki hawakuwa wakimeza kahawa hata kidogo. Namba hiyo hailinganishi chochote na chochote. Ni ushuhuda wa watu 16 uliojumlishwa na kugawanywa.

La tatu ni fedha. Utafiti uligharamiwa na kampuni iliyokuwa ikiuza unga huohuo wa kahawa kwa watengenezaji wa vidonge. Hilo peke yake halithibitishi udanganyifu, kwa kuwa tafiti nyingi za dawa nazo hulipiwa na wenye dawa. Lakini linamtaka msomaji atazame kwa makini zaidi, na aulize kama kuna watu wengine wasio na hisa waliorudia kazi hiyo wakapata jibu lilelile.

Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayosimamia ukweli wa matangazo, iliifungulia kampuni hiyo mashtaka. Ilieleza kwamba mtafiti mkuu alikuwa amebadilisha mara kwa mara uzito na vipimo vingine vya washiriki, akabadilisha urefu wa jaribio, na kuchanganya nani alikuwa akimeza kahawa na nani kidonge kitupu. Alipokosa jarida la kumchapishia, kampuni ilitafuta wasomi wawili wa chuo kikuu cha Marekani waiandike upya kazi ambayo hawakuifanya wao. Tume ilisema pia kwamba washiriki waliagizwa kupunguza chakula na kuongeza mazoezi, huku wauzaji wakitangaza kuwa watu walipungua bila kujinyima wala kufanya mazoezi. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3.5, na mwezi Oktoba mwaka huo waandishi waliufuta utafiti wao. Chupa hazikutoweka madukani, na namba ya kilo 8 iliendelea kuzunguka kwenye matangazo ya watu ambao pengine hawakupata habari za kufutwa kwake.

Udanganyifu wa makusudi kama ule ni vigumu kuugundua ukiwa mbali. Kasoro inayotokea mara nyingi zaidi haihitaji mtu kubadilisha namba hata moja, nayo ilionyeshwa na mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon mwaka 2015. Yeye pamoja na waandishi wa televisheni wa Ujerumani waliendesha jaribio dogo la kweli, wakitaka kuonyesha jinsi habari mbovu za lishe zinavyozaliwa. Watu 15 waligawanywa makundi matatu kwa wiki tatu: kundi moja lilipunguza vyakula vya wanga, la pili lilifanya vivyo hivyo na kula gramu 42 za chokoleti nyeusi kila siku, la tatu liliendelea na chakula chake. Kundi la chokoleti lilipungua uzito kwa kasi iliyozidi asilimia 10 ile ya kundi la kwanza. Jarida moja la kulipia liliichapisha kazi hiyo bila kubadilisha maneno, na magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kwamba chokoleti inapunguza unene.

Siri ilikuwa kwamba kila mshiriki alipimwa mambo 18: uzito, lehemu, sodiamu, usingizi, hali ya moyo kwa jumla na mengineyo. Kwa kawaida watafiti huona tofauti kuwa ya maana ikiwa bahati peke yake ingeileta chini ya mara 1 kati ya 20. Hiyo ni tahadhari nzuri kwa kipimo kimoja. Kwa vipimo 18 visivyotegemeana, uwezekano wa bahati kutoa angalau ushindi mmoja wa uongo hufika karibu mara 6 kati ya 10. Bohannon hakujua mapema ushindi utatokea wapi. Ungeweza kuwa kwenye usingizi au lehemu, na kichwa cha habari kingebadilika kuendana nao. Mkulima anayerusha mawe ishirini gizani juu ya mwembe, kisha akaokota embe moja na kutangaza kwamba alililenga lile, anafanya jambo hilohilo.

Dawa ya kasoro hii ni kutangaza kabla ya kuanza ni kipimo kipi kitakachoamua. Daftari za usajili wa majaribio zipo kwa kazi hiyo, na yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye mtandao, kwa mfano ClinicalTrials.gov au daftari la Afrika, pactr.samrc.ac.za. Wakala akidai kwamba kuna utafiti, anaweza kuombwa jina la jarida, mwaka, na namba ya usajili wa jaribio. Asiyeweza kutoa hata kimoja kati ya hivyo anasoma kipeperushi alichopewa. Akitoa, yafaa kutazama kwanza kama utafiti ulihusu bidhaa ileile kwa kiasi kilekile, na kama uliwahusu watu. Chembe za saratani zinazokufa kwenye bakuli la maabara zinakufa pia zikimwagiwa siki, na hiyo haimaanishi kwamba siki inatibu saratani kwenye mwili.

Maneno yaliyochapwa kwenye chupa hufuata njia nyingine ya kukwepa ulinganisho. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994, kirutubisho hakihitaji kuthibitishwa na mamlaka ya FDA kwamba kinafanya kazi kabla ya kuuzwa. Mtengenezaji anaruhusiwa kusema kinasaidia afya ya viungo au kinaimarisha kinga, mradi aongeze maandishi kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Chupa zinazofika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala mara nyingi zina maandishi hayo kwa herufi ndogo mgongoni, wakati anayeziuza anaahidi kutibu vidonda vya tumbo, uvimbe wa kizazi na kupooza. Kuisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya kikundi, na kuitafsiri neno kwa neno, kuna nguvu kuliko hotuba ndefu. Nembo ya FDA juu ya kirutubisho nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa mamlaka hiyo haina utaratibu wa kuidhinisha virutubisho. Tanzania usajili wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na dawa zikabaki TMDA. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula imekaguliwa kama chakula. Usajili huo hausemi lolote kuhusu kutibu.

Kuna hali moja ambapo ushuhuda wa nafuu ya haraka unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukawa ishara ya hatari. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta dawa za hospitalini zikiwa zimechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Vidonge vya kupunguza unene vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Za nguvu za kiume zimekutwa na sildenafili, inayoweza kushusha presha ghafla kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Za viungo zimekutwa na diklofenaki au deksamethasoni.

Hiyo ya mwisho inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa inawapata wazee. Deksamethasoni huondoa maumivu na uvimbe ndani ya siku chache, huleta hamu ya kula, na mtu hujisikia kijana. Ikitumika miezi kadhaa hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Uso huvimba ukawa wa mviringo, tumbo huongezeka huku mikono na miguu ikikonda, na ngozi huchubuka kwa urahisi. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla baada ya matumizi marefu anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo anayeona dalili hizo akiwa kwenye vidonge vya asili vilivyomtibu magoti kwa siku tatu hatakiwi kuvitupa na kukaa kimya. Anatakiwa kwenda hospitali akiwa na chupa yenyewe mkononi, aeleze ametumia kwa muda gani na kiasi gani, ili daktari amshushe taratibu.

Chupa hiyo ikabidhiwe pia kwa TMDA kama yuko Tanzania, au kwa Bodi ya Famasia na Sumu kama yuko Kenya, ikiwa na vidonge vilivyobaki, namba ya toleo na jina la aliyeuza. Maabara inaweza kuonyesha kilichomo. Orodha ya viambato iliyochapwa nje haiwezi kuonyesha kitu ambacho mtengenezaji ameamua kukificha.